Memo ya safari isidokeze, iseme

MHADHIRI mmoja wa chuo kikuu cha umma, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, alinitumia memo yake wiki mbili zilizopita akitaka nimsaidie kujibu swali moja. Aliandika ombi la kuidhinishiwa safari ya kikazi kwenda Dar es Salaam, akaliandika kwa Kiswahili, nalo likarudishwa na maneno machache pembeni: alete lingine kwa Kiingereza, lenye maelezo ya kutosha. “Mwalimu,” akaniuliza kwa simu, “si Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi? Kosa langu ni lipi?”

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema hivyo kweli, na aliyemdai Kiingereza alikosea. Lakini kwenye suala la maelezo ya kutosha, hakukosea. Nimeisoma memo hiyo mara tatu na, kwa idhini ya mwenyewe, nataka tuihakiki hapa jinsi tunavyohakiki matini nyingine yoyote.

Kwanza jina. Vitabu vyetu vya shule hutumia “memo” au “arifa”. Wapo wanaosema “waraka”, ila waraka hutoka juu ukawaendea wengi, haupandi kwa mkubwa kuomba pesa. Watanzania ofisini husema “dokezo”. Ni neno zuri, lakini kudokeza ni kugusia tu bila kufafanua, na mwandishi wetu amelitii jina hilo kupita kiasi. Kila sehemu ya memo yake inadokeza. Mimi nitabaki na memo.

Inaanza hivi: “Rejelea mada tajwa hapo juu.” Hebu nimwulize msomaji, Mswahili gani huanza mazungumzo hivyo? Mada iko juu, imepigiwa mstari, kila mtu ameiona. Sentensi hii ni Kiingereza cha karani wa kikoloni kilichovishwa kanzu. Basi tuiache, maana haijamdhuru mtu. Madhara yanaanza kwenye aya ya pili:

“Dhumuni la safari ni kuhudhuria warsha na kutembelea maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa minajili ya kujifahamisha na mwelekeo wa taaluma.”

Kuhudhuria si dhumuni, na kutembelea pia si dhumuni. Hayo ni mambo ambayo mwili wa msafiri utayafanya akishafika. Dhumuni ni kile ambacho kisipopatikana, safari imeharibika hata kama alihudhuria kila kikao na kupigwa picha. Nilipombana kwa simu kidogo, dhumuni lenyewe likatoka, na lilikuwa zuri ajabu. Idara yao inaanzisha kozi ya kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi hawana cha kusoma ila nakala chache zilizofifia. Maktaba ya Dar es Salaam ina mkusanyo mkubwa wa hati za aina hiyo, uliokusanywa na J.W.T. Allen na wenzake. Katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Mhadhiri anataka kuchagua kurasa 60 zenye miandiko tofauti, apate ruhusa ya kuzinakili, arudi nazo. Warsha imetokea tu kuwa wiki hiyohiyo. Katika memo hakuna neno hata moja kuhusu hati, kozi wala wanafunzi.

Kwa nini mtu mwenye sababu nzuri aifiche? Hakuwa na nia ya kuficha. Alichukua memo ya mwenzake iliyopita mwaka uliotangulia, akabadilisha tarehe na mji. Memo zetu nyingi huzaliwa hivyo.

Kukosekana kwa dhumuni si kasoro ya mtindo tu. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za mwaka 2015, ambazo ndizo zinazosimamia masurufu serikalini, zinamtaka anayetoa masurufu ya safari ahakikishe kwamba lengo kuu la safari haliwezi kufikiwa kwa njia nyingine ya gharama ya chini. Swali hilo ndilo linalompata kila mkubwa aliyeshika kalamu. Akisoma “kujifahamisha na mwelekeo wa taaluma”, jibu liko wazi: soma makala ukiwa ofisini kwako. Akisoma kuhusu hati, bado atauliza, na ni haki yake, kwa nini zisiombwe kwa barua pepe, hasa kwa kuwa Chuo cha SOAS cha London kimeweka hati nyingi za Kiswahili mtandaoni. Memo nzuri humjibu kabla hajauliza. Jibu lipo: katalogi hutaja jina la utungo, lakini haikuonyeshi kama wino wa ukurasa fulani unasomeka na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kuchagua ukurasa wa kufundishia kunahitaji jicho. Sentensi mbili kama hizo zingetosha.

Tuje kwenye gharama. Memo inasema “gharama inakadiriwa kuwa Sh300,000”, kisha inaorodhesha: nauli ya ndege kwenda na kurudi Sh44,600, marupupu ya kujikimu ya siku tano Sh162,500, teksi Sh11,500, mengineyo Sh81,400.

Angalia jumla. Nauli haikukaa vizuri kwenye maelfu, teksi haikukaa, lakini jumla imetua kwenye laki tatu kamili kama ndege mtini. Hilo hutokea pale jumla inapoandikwa kwanza na “mengineyo” yakapewa kazi ya kuziba pengo. Mhasibu yeyote analiona kabla hajamaliza chai yake. Na kile kitenzi, “inakadiriwa”, kiko katika kauli ya kutendwa. Basi aliyekadiria ni nani, na kwa bei ya siku gani? Kauli ya kutendwa haina dhambi, ila ikikaa karibu na fedha humsaidia mtenda kupotea.

Kisha neno “siku”. Msafiri anaondoka Jumatatu asubuhi na kurudi Ijumaa jioni. Kwa lugha ya kawaida hizo ni siku tano, wala hakuna atakayembishia. Lakini fedha ya kujikimu huhesabiwa kwa usiku unaolala nje, na usiku ni nne. Kwa safari ya nje kiwango hutajwa kwa dola. Yeye alichukua dola 250 kwa usiku na Sh130 kwa dola, yaani Sh32,500, ingawa katika memo hakuonyesha kiwango hicho wala kima cha kubadilisha fedha. Usiku nne ni Sh130,000. Neno moja limeongeza Sh32,500, na mtu mwaminifu ameonekana mwizi.

Tukiondoa “mengineyo” na kuweka kitu kinachojulikana, yaani ada ya maktaba na ya kunakili kurasa 60, ambayo yeye mwenyewe aliiulizia akaambiwa ni kama Sh8,400, hesabu inakuwa 44,600 na 130,000 na 11,500 na 8,400. Jumla Sh194,500. Imepungua kwa Sh105,500, na kila tarakimu ina mahali ilipotoka. Kuna jambo moja ambalo lingeweza kuibadilisha: mtafiti mgeni Tanzania huhitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, nacho kina ada. Je, kukaa maktabani na kunakili kunahesabiwa kuwa utafiti wa aina hiyo? Aandike barua kwa maktaba kabla ya kuandika memo, na jibu aliambatishe. Memo pia ilipaswa kutaja fungu la bajeti litakalolipa na salio lililomo. Bila hilo, hata mkubwa mwenye huruma hana cha kuidhinisha.

Sehemu ya manufaa ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili chenyewe kilipotumiwa vibaya: “Safari hii itaiwezesha Idara kuimarisha mahusiano, kuboresha ufundishaji na kupanua mawazo, hivyo Chuo kitafaidika pakubwa.” Kuwezesha, kuimarisha, kuboresha: vitenzi vya kusababisha, kimoja baada ya kingine. Kitenzi cha kusababisha kina njaa. Kinadai msababishaji, kinadai na kitu kitakachobadilika. Ukimwambia fundi “imarisha”, atakuuliza “niimarishe nini, mlango au ukuta?” Hapa hakuna wa kuuliza, basi vitenzi vinapita na njaa yao.

Nina njia ya kupima sentensi za namna hii. Ondoa kiambishi -ta- cha wakati ujao, weka -me-, kisha ujiulize kama mtu asiyekujua anaweza kusema ni kweli au si kweli. “Mahusiano yameimarika.” Nani atabisha, na nani atathibitisha? Sasa jaribu hii: “Nakala za kurasa 60 zimekabidhiwa maktaba ya Idara, na wanafunzi wa kozi mpya wameanza kuzisoma muhula wa Januari.” Mkaguzi anaingia maktabani, anaomba faili, anahesabu. Zikiwa 41, anajua ni 41. Sentensi inayoweza kushindwa mtihani huo ndiyo pekee yenye thamani kwa anayetia sahihi, kwa kuwa inambana msafiri na wala haimbani yeye.

Mhadhiri alinipinga hapa, na hoja yake si haba. Akasema mambo mengine ya safari hayahesabiki. Unakutana na mzee wa maktaba anayekuonyesha hati isiyo kwenye katalogi, unarudi na wazo la kitabu. Nakubali. Hayo hutokea, na pengine ndiyo bora kuliko kurasa zote 60. Lakini mahali pake ni kwenye ripoti ya baada ya safari. Huwezi kuomba nauli kwa ajili ya bahati.

Na ripoti hiyo haiko mbali. Kanuni zilezile zinampa mwenye masurufu siku saba za kazi tangu arudi kituoni ili ayarejeshe kwa hesabu na stakabadhi. Akishindwa, fedha zinakatwa kwenye mshahara wake pamoja na riba. Aliyeandika “mengineyo Sh81,400” atatafuta stakabadhi ya mengineyo wapi?

Memo inafunga hivi: “Natumai ombi langu litazingatiwa kwa moyo mkunjufu.” Moyo wa mkuu wa kitivo hauhusiki. Nimemshauri aifute, aandike tarehe ambayo anahitaji jibu ili awahi tiketi ya bei hiyo ya Sh44,600, kisha airudishe memo kwa Kiswahili.