Magunia ya ile afishi: juu ya nini macho inakataa

Ile afishi ya mbegu ya maharagwe iliyozunguka kwenye masimu yetu mnaijua. Mbele iko jani la maharagwe, safi mpaka mishipa inahesabika. Nyuma shamba limeyeyuka katika ukungu, kile watu wa studio wanaita flu. Na ndani ya ule ukungu, magunia matatu yanaonekana mpaka uzi wa mshono. Wakulima wakasema: "Hayo magunia hayakufika." Yalifika! Ni foto ndiyo inayasingizia.

Wengi wamelaumu kivuli. Mimi naona shida ni umbali. Objektifu ikifunguliwa sana, inaona safi kwenye umbali mumoja tu. Mbele na nyuma ya hapo, kila nukta inapanuka kuwa duara. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "niweke flu ngapi", uliza magunia yamesimama wapi.

Tuseme objektifu ni ya milimita 50 kwa f/1.8, sensa ina upana wa milimita 36, na jani liko metre 2. Kitu kilicho metre 4 kinapata duara ya karibu pikseli 20, kama foto ina upana wa pikseli 2,000. Milima ya mbali kabisa inapata kama 40. Ndiyo maana mutu akichukua flu ya milima na kuipakaa magunia, anaharibu tena: yanaonekana kukaa nyuma sana ya udongo unaoyabeba.

Hesabu si lazima. Angalia udongo pale chini ya gunia linapogusa, tafuta karibu yake jiwe dogo au tone la maji linalong'aa, upime upana wa duara yake.

Kwenye Photoshop, kata magunia kwanza, yaweke kwenye tabaka lao peke yao, ndipo uende `Flou gaussien`. Ukitia flu kabla ya kukata, rangi ya ukuta wa kule yalikopigwa foto inabaki pembeni kama utando. Kwa duara ya 20, anza na 5, juu hii flu inamwagika kupita namba yake. Kisha kuza foto mpaka 100% na ulinganishe ukingo wa gunia na ukingo wa bonge la udongo la jirani. Kivuli nacho kipate flu ileile. Mwisho `Ajout de bruit` kidogo: flu imefuta chembe za gunia, na udongo bado iko nazo.

Lakini baada ya hayo yote, jina la mbegu kwenye gunia halisomeki tena, na nafikiri ndiyo sababu fundi aliliacha safi: mwenye kulipa alitaka jina lisomeke. Basi magunia yangewekwa kando ya jani, metre 2, makubwa mara mbili ya yale ya metre 4, bila flu hata kidogo.