Video iliyoishia na .exe

Mei 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya Morphisec ilianika utapeli uliojificha nyuma ya matangazo ya akili mnemba. Kurasa za Facebook zilinadi tovuti za kutengeneza na kuhariri video bure: pakia picha, bofya mara moja, subiri kidogo. Chapisho moja lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara 62,000.

Ahadi yenyewe ilitosha kumtia mtu shaka. Kutengeneza video kwa akili mnemba kunahitaji kompyuta zenye nguvu na umeme mwingi, na lazima mtu alipie. Ndiyo maana huduma za kweli hukupa majaribio machache, huweka nembo juu ya video, au hukata urefu. Veo 3 ya Google, iliyotoka mwezi huohuo, ilitoa vipande vya sekunde 8. Anayekuahidi video ndefu, bure, bila kikomo, ama anatia chumvi ama anatafuta malipo ya aina nyingine.

Hapa malipo yalikuwa nywila zako. Mtumiaji alipakia picha yake, akaoneshwa kwamba kazi inaendelea, kisha akaletewa kitufe cha kupakua. Kilichoshuka kilikuwa VideoDreamAI.zip, na ndani yake mlikuwa na faili hili:

```
Video Dream MachineAI.mp4.exe
```

Kwa kawaida Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo wengi waliona .mp4 tu wakadhani ni video yao. Kumbe ni programu. Tena ilijengwa juu ya CapCut, kihariri halali kinachojulikana, ili isishtukiwe mapema. Ilipofunguliwa, iliita programu nyingine iliyobeba Noodlophile, mwizi anayekomba nywila na vidakuzi vya kivinjari pamoja na taarifa za pochi za sarafu za kidijitali, na kuzituma kwa matapeli kupitia boti ya Telegram.

Mimi dalili ninayoiamini kuliko zote ni umbo la kile unachokabidhiwa. Huduma ya kweli hukuchezea video palepale kwenye kivinjari kabla hujaipakua, na unaiona picha yako imo. Ukipewa zip usiifungue. Kwenye Windows 11, ingia File Explorer, chagua View, kisha Show, kisha File name extensions. Mkia wa jina utajitokeza. Hata hivyo usiegemee hapo tu, kwa maana matapeli wengine wa mtindo huu wamejaza herufi zisizoonekana katikati ya .mp4 na .exe, hadi mwisho wa jina unasukumwa nje ya dirisha. Soma safu ya Type: ikiandikwa Application, hiyo si video.

Aliyekwisha kuifungua akate intaneti, kisha atumie kifaa kingine kubadili nywila na kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zake. Hatua hii ya mwisho husahaulika sana, ilhali kidakuzi kilichoibwa kinaweza kumwingiza mwizi bila kuulizwa nywila wala msimbo wa simu.