Wewe pia nini, mwanangu?

Juzi jioni niliketi barazani Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu. Vijana wawili walikuwa wakizungumza kando yangu. Mmoja akasema, "Mwenye mashua hajanilipa." Mwenzake akajibu, "Mimi pia." Mzee aliyekuwa akinywa kahawa akadakia: "Wewe pia nini, mwanangu? Hujalipwa au hujalipa?" Vijana walicheka. Mzee hakucheka, na mimi namuunga mkono.

Jibu fupi huacha kitenzi, msikilizaji akakirudisha mwenyewe kutoka kwenye kauli ya kwanza. Sasa tazama "hajanilipa". Mtenda ni mwenye mashua, mtendwa ni "ni", yaani msemaji. Je, "mimi" wa jibu anakaa kiti cha nani? Akikaa cha mtenda, maana ni "mimi pia sijakulipa". Akikaa cha mtendwa, ni "mimi pia hajanilipa". Mmoja anadaiwa, mwingine anadai! Hali ya mazungumzo huweza kutuokoa, lakini penye pesa si vyema kuitegemea. Dawa ni kukirudisha kitenzi pamoja na kiambishi chake: "Nami hajanilipa." Neno moja tu limeongezwa, na utata umekwisha.

Kuna kasoro nyingine, na hii hainichekeshi. Katika mchezo mmoja uliotafsiriwa kutoka Kiingereza nilimsikia mtu akisema, "Simjui bwana huyu." Akajibiwa, "Pia mimi sifanyi." Hafanyi nini? Kiingereza kina kitenzi kisaidizi kinachosimama badala ya karibu kitenzi chochote kilichotangulia. Kiswahili hakina. Tunayo "kufanya hivyo", lakini hiyo huelekea matendo: mtu akisema alifagia ua, unaweza kusema nawe ulifanya hivyo. Kujua, kupenda na kuogopa havifanywi hivyo. Kwetu ama unakiacha kitenzi kabisa, ama unakirudia chenyewe.

Mtafsiri yule alikuwa na jibu tayari mdomoni mwa watu wa Mombasa: "Wala mimi." Neno "wala" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako ni "na" pamoja na "la", kwa hiyo ukanushi umo ndani yake hata kitenzi kisipotajwa. Ajabu ni kwamba kitenzi kikitajwa, sisi hukikanusha tena: "wala mimi simjui". Asemaye "wala mimi namjua" kwa maana hiyo amekosea. "Hata mimi" nayo hutumika, ila hiyo huvaa rangi ya kauli iliyotangulia, iwe ya kukubali au ya kukana.

Simkatazi mtu "mimi pia" baada ya kauli kanushi. Wengi husema hivyo na huelewana. Lakini "wala mimi" isingetosha kwa yule kijana wa mashua. Ingeonyesha kukana tu, na swali la mzee, nani anamdai nani, lingebaki palepale.

Kijana alipobanwa, alijibu kwa sauti ya chini: "Sijamlipa."