Pumzi na Saa: Mgawanyo wa Taswira katika Video ya "To This Day"

Shairi la jukwaani la Shane Koyczan wa Kanada, "To This Day", lilitolewa kwa video mwaka 2013. Wahuishaji wengi walichangia, kila mmoja akichora kipande cha takriban sekunde 20. Kwa hiyo mpaka wa picha uliwekwa na saa, ilhali mpaka wa ubeti huwekwa na pumzi ya msemaji. Mtindo wa mchoro ukibadilika katikati ya sentensi, mtazamaji huhisi kituo ambacho sauti haikukiweka. Kisa cha utotoni kinachofungua shairi huvumilia mikato hiyo, kwa kuwa ni masimulizi. Usemaji unaposhika kasi, mkato hushindana na mapigo. Umoja wa kazi hii, basi, umehifadhiwa na sauti moja. Uhuishaji ufaao hutanguliza vituo vya sauti, ndipo ubeti upewe picha.