Uhakiki wa Utungaji wa Maswali ya Ngeli na Upatanisho wa Kisarufi: Nomino "Kiboko" na "Rafiki" katika Masomo ya Sekondari, Mpanda

Sehemu hii inahakiki swali moja katika rasimu ya zoezi ambalo mwandishi aliliandaa kwa ajili ya masomo ya Kiswahili ya sekondari wilayani Mpanda, mkoani Katavi. Swali lilisomeka: "Taja ngeli ya kila nomino: kiboko, rafiki, kisu." Mwongozo wa majibu uliweka kiboko na kisu katika KI/VI, na rafiki katika I/ZI.

Kasoro ya kwanza ni kutotajwa kwa kigezo. Kwa kigezo cha kimofolojia, kiambishi ki- huiweka nomino kiboko pamoja na kisu. Kwa kigezo cha kisintaksia, mnyama huyo yumo katika A/WA, kwani husemwa "kiboko amezama", si "kiboko kimezama". Mwanafunzi wa Katavi aliyemfikiria kiboko wa Mto Katuma akaandika A/WA angekosa alama kwa jibu sahihi. Aidha, kiboko ni fimbo ya kuchapia, na kwa maana hiyo nomino hubaki KI/VI kwa vigezo vyote viwili. Nomino isiyo na sentensi haiwezi kutenganisha maana hizo.

Kwa hiyo swali liliandikwa upya: "Andika sentensi hizi katika wingi, kisha taja ngeli ya nomino ya kwanza kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi."

(a) Kiboko mkubwa amezama mtoni.
(b) Kiboko kirefu kimekatika.
(c) Rafiki yangu mpya amefika Mpanda.

Mwongozo wa majibu:

(a) Viboko wakubwa wamezama mtoni. A/WA.
(b) Viboko virefu vimekatika. KI/VI.
(c) Rafiki (au marafiki) zangu wapya wamefika Mpanda. A/WA.

Kivumishi, kitenzi na ngeli hupewa alama moja kila kimoja. Katika (c) kimilikishi huongeza alama moja. Jumla ni alama 10.

Mgawanyo huu una sababu. Anayeandika "viboko vikubwa wamezama" amekosea kivumishi tu, na kitenzi chake ni sahihi. Sentensi nzima ikipewa alama moja, mwalimu hatambui kosa lilipo. Sentensi (c) inadai uangalifu zaidi: rafiki huchukua "yangu" na "zangu", maumbo ya I/ZI, ilhali kivumishi na kitenzi hufuata A/WA. Mwongozo unaodai upatanisho wa namna moja katika sentensi nzima ungemwadhibu anayesema Kiswahili sanifu.

Hata hivyo, swali jipya lina mpaka wake. Kitenzi cha umoja kimekwisha kutolewa, hivyo ngeli inaweza kusomwa katika "amezama" au "kimekatika". Kinachopimwa kwa uhakika ni upatanisho wa wingi. Uainishaji wenyewe unahitaji swali lingine, ambalo muktadha wake utaonyesha maana bila kutoa kiambishi cha upatanisho.