Pembe ya Mlima: Kifaru cha T-55 katika Barabara za Masisi na Walikale

Kifaru hubuniwa kwa kugawana tani. Kila kilo inayoongezwa kwenye deraya, yaani bamba la chuma linalokinga wanajeshi waliomo, hupunguzwa mahali pengine: ama kwenye mzinga na risasi zake, ama kwenye uwezo wa injini na minyororo kukisogeza. Kwa kuwa hakuna chombo kinachoweza kubeba chuma kinene pande zote na bado kipite darajani, wabunifu hulazimika kukisia adui atapiga kutoka upande gani, kisha huweka unene upande huo na kuacha pande nyingine zikiwa nyembamba. T-55, kifaru cha Kisovyeti kilichoanza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambacho jeshi la Kongo, FARDC, lilikitumia karibu na Goma katika vita dhidi ya waasi wa M23 mwaka 2012 na 2013, ni mfano ulio wazi wa ukisiaji huo, kwani kilibuniwa kwa ajili ya tambarare za Ulaya, ambako adui alitarajiwa kuwa mbele na katika usawa uleule.

Kina tani 36, injini ya dizeli yenye nguvu farasi 580, na mzinga wa milimita 100. Bamba la juu la mbele lina unene wa milimita 100, lakini limelazwa nyuma kwa nyuzi 60 kutoka wima, na hapo ndipo ulipo ustadi wa mbunifu, kwa sababu risasi inayokuja kwa mlalo hulazimika kupita katika chuma hicho kwa mshazari, hivyo njia yake ndani ya bamba huwa na urefu wa milimita 200. Kinga imeongezwa maradufu bila kuongeza unene wa bamba lenyewe. Paa la mnara, yaani kichwa kinachozunguka na kubeba mzinga, lina takriban milimita 30 tu, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kulipiga kutoka juu isipokuwa ndege.

Barabara inayotoka Sake kuelekea Mushaki na Masisi inavunja dhana hiyo tangu kona za kwanza. Sake iko kandokando ya Ziwa Kivu, na kutoka hapo njia hupanda kwa kujipindapinda katikati ya malisho na migomba, mlima ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili. Ndiyo maana vilima vya Mushaki vilipiganiwa vikali kati ya FARDC na waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda mwezi Desemba 2007, maana aliyevishika huitazama barabara yote iliyo chini yake. Tuseme T-55 iko barabarani, mahali palipo sawa, na mtu mwenye RPG-7 amejificha kwenye mgongo wa kilima ulio mita 100 juu ya barabara, umbali wa mita 300 ukipimwa kwa mlalo. Mstari unaotoka kwake hadi kwenye kifaru huteremka kwa pembe inayozidi kidogo nyuzi 18. Pembe hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kuharibu hesabu ya mbunifu: bamba la mbele, ambalo kwa mlalo lilikuwa sawa na milimita 200, sasa linapitwa kwa njia ya takriban milimita 134 tu, na paa, ambalo kwa mlalo halikuonekana kabisa, limekuwa shabaha pana ambayo njia ndani yake haifiki milimita 100.

RPG-7, iliyoingia katika jeshi la Kisovyeti mwaka 1961, haitegemei mwendo wa kasi ili kutoboa. Kichwa chake kina baruti yenye shimo la umbo la koni lililofunikwa kwa shaba nyembamba. Kinapogusa kifaru, baruti hulipuka kuanzia nyuma, nguvu yake huikunja koni kuelekea katikati, na shaba hugeuka uzi mwembamba unaokimbia kilomita kadhaa kwa sekunde, ambao husukuma chuma pembeni kama kwamba ni udongo laini. Kichwa cha toleo la awali hupenya takriban milimita 260, na kwa kuwa uzi huo hautegemei mwendo wa roketi, hupenya sawasawa kwa umbali wa mita 50 na wa mita 300. Dalili yake ni tundu dogo, lenye ukubwa unaokaribia kidole gumba, kingo zake zikiwa kana kwamba zimeyeyuka, wala hakuna ufa mkubwa wala bamba lililobonyea kama linavyoachwa na risasi nzito ya mzinga.

Msomaji makini ataona kwamba milimita 260 zingelitoboa bamba la mbele hata kwa mlalo, na ni kweli. Tofauti inayoletwa na pembe ni kile kinachobaki baada ya kutoboa. Kwa mlalo uzi wa shaba huingia ukiwa umebakiwa na uwezo wa milimita 60 hivi. Kutoka kilimani hubakiwa na zaidi ya mara mbili ya huo, ukifuatana na vipande vya chuma vilivyong'oka upande wa ndani wa bamba. Ndani ya T-55, upande wa kulia wa dereva, kuna tangi la mafuta lililounganishwa na rafu ya risasi 18 za mzinga. Wabunifu waliziweka huko mbele kwa sababu kifaru kifupi na chepesi hakina nafasi nyingi ya kuzihifadhi kwingine. Uzi uliochoka huenda ukatoboa na kuwaacha watu hai. Uzi wenye nguvu iliyobaki huifikia rafu hiyo, na moto wa baruti ukishashika ndani hauwapi wanne waliomo muda wa kutoka.

Swali linalofuata ni kwa nini kifaru chenye mzinga wa milimita 100 kisimwondoe mtu huyo kwanza. Jibu limo katika urefu wa kifaru chenyewe. Ili T-55 iwe ngumu kuonekana tambarare, ilifanywa fupi, mnara wake ukifikia mita 2.4 hivi kutoka ardhini, ilhali M60 ya Kimarekani ilizidi mita 3. Mnara mfupi una paa la chini, na mzinga unapoinamisha mdomo, sehemu yake ya nyuma huinuka na kugota kwenye paa hilo. Hivyo mzinga wa T-55 huinama nyuzi 5 tu, na huinuka nyuzi 18. Kwa nyuzi 18, mtu aliye mita 100 juu ya barabara hufikiwa na mzinga akiwa mbali zaidi ya mita 300 hivi. Akiwa karibu zaidi ya hapo, kifaru kilicho mahali palipo sawa hakiwezi kumlenga kabisa kwa mzinga, wakati RPG-7 hulenga vizuri kitu kinachotembea hadi mita 300 na kilichosimama hadi 500. Uwanda ambao mzinga hauufikii ndio huohuo ambao roketi hufanya kazi yake vizuri zaidi. Kifaru kikipanda juu ya kilima na kugeuka kuwatazama walio bondeni, tatizo hujipindua: kwenye mteremko wa nyuzi 20 ardhi hushuka mita 36 katika kila mita 100, lakini mstari wa mzinga ulioinama hadi mwisho hushuka chini ya mita 9, kwa hiyo ili kifyatue lazima kisogee hadi kwenye mteremko wenyewe na kuonyesha paa lake kwa walio ng'ambo.

Jambo kama hili liliwapata Warusi mjini Grozny kuanzia Desemba 1994, pale mizinga ya vifaru vyao iliposhindwa kufikia ghorofa za juu na vyumba vya chini ya ardhi. Mpiga roketi wa kilimani naye ana mipaka yake. Upepo wa pembeni huugeuza mkia wa roketi, nayo huelekea upepo unakotoka, na gesi ya moto inayotoka nyuma ya bomba humrudia mpigaji mwenyewe akiwa ameegemea ukingo wa udongo, jambo la kawaida kwenye miteremko mikali. Kwa sababu hiyo mahali pazuri pa kuvizia huwa pachache, na askari wa miguu anayejua kupatafuta anaweza kupabaini kabla ya kifaru kufika.

Ukielekea Walikale, sehemu ya tatu ya mgawanyo, yaani mwendo, ndiyo inayoshindwa kwanza. Vilima vingi vya Masisi hupita mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16, na injini ya T-55, isiyo na kifaa cha kusukuma hewa ndani, hubakiwa na nguvu farasi 490 hivi. Kupanda mwinuko wa asilimia 20 kwa kilomita 10 tu kwa saa hula 265 kati ya hizo, tope likala zaidi ya 100, na giaboksi pamoja na minyororo vikanyang'anya karibu robo ya kile injini inachotoa, hivyo hata mwendo huo wa polepole haudumu. Baada ya Nyabiondo njia hushuka kuelekea msitu wa mto Lowa, na hapo kizuizi ni madaraja. Minyororo mipana hugawa uzito ili kifaru kisizame sana ardhini, lakini daraja la magogo hubeba tani zote 36 kwa pamoja, wala halijui upana wa mnyororo. Kifaru kikikwama huko hakuna lori linaloweza kukivuta. Kinahitajika kifaru kingine, ambacho nacho kitapita katika matope yaleyale.

Katikati ya miaka ya 2010 Kongo ilipokea kutoka Ukraine vifaru vya T-64BV-1, vyenye zaidi ya tani 42 na mzinga wa milimita 125, ambavyo vimevikwa vibweta vya deraya ya mlipuko. Kila kibweta kina baruti iliyobanwa kati ya mabamba mawili. Uzi wa shaba ukipita, baruti hulipuka, na mabamba yanayoruka hukata uzi huo vipandevipande. Kinga hiyo ilijibiwa kwa roketi ya vichwa viwili, kidogo cha kulipua kibweta na kikubwa kinachofuata nyuma yake, na kwa makombora yanayopanda kwanza kisha kuanguka juu ya paa. Vibweta havifuniki paa lote, wala sitaha ya injini. Na mlipuko wa vibweta huwajeruhi askari wa miguu waliokaribia, hao hao ambao kifaru kinawahitaji milimani. Mzinga wa T-64 huinama nyuzi 6 hivi, lakini huinuka 14 tu, pungufu ya 18 za T-55. Tani 6 zilizoongezwa zimenunua kinga ya mbele na nguvu ya mzinga, lakini mbele ya kilima zimeongeza uwanda usiofikiwa, na mbele ya daraja la Walikale zimeongeza mzigo.

Njia inayobaki ni kukiacha kifaru mbali na kilima. T-55 iliyosimama uwandani, kilomita 2 kutoka kwenye mgongo wenye kimo cha mita 400, inahitaji kuinua mzinga wake nyuzi 11 tu, kwa hiyo inalenga bila shida, nayo iko mbali mno kufikiwa na RPG-7, ambayo roketi yake hujilipua yenyewe kabla ya kilomita moja. Askari wa miguu hupanda wakati huo chini ya moto wake, wakishika kwanza migongo yote iliyo ndani ya mita 500 kutoka barabarani, upande wa juu na ule wa ng'ambo ya korongo, ndipo kifaru kisogee hadi kona inayofuata na kusimama tena. Mwendo wake unakuwa ule wa mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo mgongoni.