Kumpiga Picha, Kumpigia Simu: Uhakiki wa Kidahizo Piga katika Kamusi za Kiswahili

Kamusi zetu zimekitendea kitenzi piga kama ghala. Kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939, kupitia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 na matoleo yake yaliyofuata, desturi imekuwa kutoa kwanza maana ya kugusa kwa nguvu, kisha kurundika misemo: piga pasi, piga magoti, piga kelele, piga picha, piga simu. Msomaji huondoka akiamini kwamba piga limepoteza maana yake, na kwamba kila msemo ni nahau ya kukaririwa peke yake. Makala haya yanapinga imani hiyo.

Tuanze na kosa. Katika insha za wanafunzi wanaotoka maeneo kama Ikinga, wilayani Ileje, ambako wengi huanza kuzungumza lugha nyingine kabla ya Kiswahili, nimewahi kusahihisha sentensi “Mjomba alinipiga simu.” Kosa hili lina mantiki. Mwanafunzi ameshajua kwamba “Mjomba alinipiga picha” ni sahihi, na kamusi imemwekea misemo hiyo miwili katika orodha moja, bila kumweleza kwa utaratibu ni nani anayeweza kuwa yambwa ya kitenzi. Mwalimu akisema tu kwamba “ndivyo tusemavyo,” hajafundisha kitu.

Tofauti iko katika pale tendo linapofikia. Katika “alimpiga kofi,” “alimpiga teke” na “alimpiga risasi,” nomino hutaja kile kinachomfikia mtu, na mtu mwenyewe ndiye anayepatwa. Kwa hiyo huingia moja kwa moja katika kitenzi kama yambwa, na katika kauli ya kutendwa huwa kiima: alipigwa risasi. Sasa tazama shati lililopigwa pasi, ukuta uliopigwa rangi, sakafu iliyopigwa deki, ng'ombe waliopigwa mnada, rushwa inayopigwa vita. Pigo halipo tena, lakini mpatwaji yupo palepale alipokuwa. Picha imeingia katika njia hii. Mpigapicha humlenga mtu, na sarufi humhesabu mtu huyo kuwa amefikiwa: alimpiga picha, alipigwa picha.

Simu imefuata njia nyingine, ile ya ngoma, kengele, mbiu na kelele. Hapa kinachopigwa ni chombo au ni sauti yenyewe, na mtu anayekusudiwa hukaa mbali. Ili aingie katika kitenzi huhitaji kauli ya kutendea: alimpigia kelele, alimpigia mluzi, alimpigia simu. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, lilihusu telegrafu kabla ya simu ya kuzungumza, na opereta wa telegrafu aligongagonga kitufe kwelikweli. Hata hivyo nisingependa kuegemeza hoja yote juu ya kidole cha opereta. Magoti na kura hazina mlio, nazo husemwa “alimpigia magoti,” “alimpigia kura.” Kinachoziunganisha ni kwamba tendo humwelekea mtu bila kumgusa.

Kipimo hiki kina mtego. Kauli ya kutendea hubeba pia maana ya kufanya kwa niaba, kwa hiyo “amenipigia picha” ni sahihi kabisa, ila picha hiyo huenda ni ya ng'ombe wangu. Anayepima aanze na umbo tupu. Kama “nilimpiga” pamoja na nomino husika haikubaliki, au inarudi kwenye maana ya kichapo, msemo uko katika njia ya pili.

Wala misemo hii haijaganda kama jina la nahau linavyodai. Simu nimeipiga, picha zilipigwa, hatua kubwa imepigwa: nomino bado hupokea kiambishi na hubadilika kuwa kiima. Miayo na chafya ndizo zinazosita, kwani “chafya ilipigwa” haisemeki kwa urahisi.

Lugha ya Tunduma inaonyesha kwamba njia zote mbili zingali hai. Mpiga debe wa stendi hana debe mkononi, lakini mwanasiasa bado “hupigiwa debe,” kama ilivyotarajiwa kwa nomino ya mlio. Kwenye maduka ya simu, “simu imepigwa” humaanisha mtu ameita, na “simu imepigwa bei” humaanisha imeuzwa. Bei imekaa kando ya mnada, na simu imegeuka kuwa mpatwaji.

Ninachopendekeza kwa watunga kamusi ni kidogo: kila msemo uandikwe pamoja na nafasi ya mtu au kitu, yaani piga mtu picha, piga nguo pasi, pigia mtu simu. Ugumu utabaki kwa matumizi yasiyo na nomino kabisa. Mtu aliyebadilisha kwacha kwa shilingi mpakani akapunjwa husema tu “nimepigwa,” na aliyempunja ni mpigaji. Maana hiyo haiwezi kuwekwa chini ya msemo wowote. Inadai nambari yake chini ya kidahizo chenyewe, jirani na kofi na risasi.